UZI: Kuchuja picha tupu za kamera za mtego Arabuko-Sokoke bila kumtupa sange

msitu_wa_mrihi

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada kwa mwenye kujua.

Nasaidia kazi ya kamera za mtego upande wa Gede wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Kadi za msimu huu zimetoka na picha 40,000 na ushei. Kwa tulivyozoea misimu iliyopita, karibu nne kwa kila tano hazina kitu ila majani, jua na kivuli. Kamera tumezipanga zipige picha tatu kila zinapofyatuka, kwa hiyo upepo ukitikisa kijiti mara moja, tumeshapata picha tatu za kijiti.

Nimeelekezwa kwenye MegaDetector. Nimeiweka kwenye laptopu ya kawaida na inafanya kazi: inachora kisanduku palipo na mnyama, mtu au gari, na kila kisanduku inakipa alama ya uhakika kati ya 0 na 1. Kuiendesha si tatizo. Tatizo ni kwamba sijui nikate wapi. Msimamizi wetu anataka picha zote zilizo chini ya kiwango zifutwe, maana diski imejaa. Nami nasita, kwa kuwa tunaowatafuta ni sange wa kiuno cha dhahabu na paa nunga, na wote ni wadogo na wepesi. Kuna aliyewahi kufanya hivi? Ulijuaje kwamba hukumtupa mnyama pamoja na majani?

kaskazi_data

Karibu sana. Mimi nimefanya kazi na picha za hifadhi moja ya bara na sikuhangaika hata kidogo. Weka 0.8, kilicho chini yake kitupe. Modeli ikiwa na uhakika wa chini ya 0.8 maana yake yenyewe haijui inachokiona, sasa wewe utakijuaje? Ukishuka chini ya hapo utaletewa kila kisiki na kila jiwe, na kazi uliyotaka kuikwepa inarudi yote.

Kingine, kwa kuwa laptopu yako haina GPU, iache ikimbie usiku na mchana na uiambie ihifadhi ilipofika kila baada ya picha elfu moja. Stima ikipotea hutaanza upya, utaiendesha tena amri hiyohiyo ukiongeza `--resume_from_checkpoint auto`:

```
python -m megadetector.detection.run_detector_batch MDV5A picha/ matokeo.json --recursive --output_relative_filenames --checkpoint_frequency 1000
```

Katana_Mida

Ndugu zangu, hii inaweza kunisaidia shambani? Nyani wanashuka kwenye mahindi yangu asubuhi na nguruwe mwitu wanakuja usiku. Nataka kamera ipige kengele wakiingia. Nikiweka hiyo 0.8 italia kwa nyani peke yake?

zuhura_ikolojia

Kaka Katana, hilo lako ni jambo jingine. Hapa tunazungumzia picha zilizokwisha kupigwa zikakaa kwenye kadi wiki nyingi. Wewe wahitaji kamera inayotuma habari papo hapo, na modeli hii peke yake haitakutofautishia nyani na mbuzi wa jirani, kwa sababu inasema "mnyama" tu bila kutaja ni yupi. Fungua uzi wako, wapo watu hapa wenye uzoefu wa ulinzi wa mashamba.

Sasa nirudi kwa mwenye uzi. Ndugu kaskazi_data amesema kweli kuhusu kuhifadhi ilipofika. Lakini hiyo 0.8 naomba usiifuate. Inatoka enzi za toleo la nne, ambalo alama zake zilikuwa zinakaa juu, na watu walikuwa wakikata kwenye 0.7 hadi 0.9. Toleo la tano lilipotoka mwaka 2022 alama zilibadilika. Humo mnyama anayeonekana vizuri kabisa anaweza kupata 0.4, na wengi huanzia karibu na 0.2. Ukikata toleo la tano kwenye 0.8 utatupa wanyama wengi walio wazi kabisa, hata wasiojificha. Amri uliyopewa hapo juu inaita `MDV5A`, yaani toleo la tano.

Alama hiyo pia usiisome kama asilimia ya ukweli. 0.2 haimaanishi kwamba picha mbili kati ya kumi zina mnyama. Ni namba ya kupangia tu, ya juu kwanza na ya chini baadaye. Maana yake kwa msitu wako utaijua kwa kuipima kwenye picha za msitu wako.

kaskazi_data

Asante dada Zuhura, hilo la matoleo sikulijua. Sisi tulikuwa tukitumia la nne. Ila bado nauliza: kama 0.2 ndiyo wengi wanaanzia, si aweke hiyo basi yaishe?

zuhura_ikolojia

Haiishi, na sababu ni sange mwenyewe.

Fikirini namna kamera inavyofyatuka. Kihisi chake kinangoja kitu chenye joto tofauti na mandhari kipite mbele yake. Usiku msitu umepoa na fungo ana joto, kwa hiyo kinafyatuka kwa sababu ya kweli na picha tupu ni chache. Mchana wa kaskazi, jua likipenya kwenye mirihi, majani yaliyopigwa na jua na yaliyo kivulini yanapishana joto. Upepo ukiyatikisa, kihisi kinaona kitu kinapita. Ndiyo maana rundo la picha tupu karibu lote ni la mchana.

Na sange hutembea mchana. Alfajiri yuko chini akichokora majani makavu kwa pua, na magharibi amerudi kwenye kiota chake cha majani. Kwa hiyo mnyama unayemtaka kuliko wote anaishi ndani ya saa zilezile zinazozaa picha tupu, na amesimama juu ya majani yanayofanana naye rangi, isipokuwa kile kiuno cha manjano. Akikupa mgongo utamwona. Akikaa uso kwa uso na kamera huku nusu yake imefunikwa na majani, hata mimi humkosa.

Kuna suala la ukubwa pia. Toleo la tano hupunguza picha hadi upana wa pikseli 1280 kabla ya kuitazama. Sange ana mwili wa sentimita kama 28 bila mkia. Kwa kamera ya kawaida, akiwa mita 5 mbele anachukua pikseli themanini hivi, na akiwa mita 10 zimebaki kama arobaini. Nyati mita 10 modeli haimkosi. Kwa hiyo kizingiti kimoja ni salama kwa nyati na ni hatari kwa sange, na ukipima kwa wastani wa wanyama wote, nyani na kanga watakuficha hasara, maana ndio wengi.

msitu_wa_mrihi

Nimeelewa sana, asante. Basi nipime vipi? Nimejaribu kuchukua picha za rundo la chini ya 0.2 na kuzitazama, lakini ni zaidi ya 31,000. Nikizipitia zote nimerudi nilikotoka.

zuhura_ikolojia

Usizipitie zote. Fanya vipimo viwili, na cha kwanza ndicho muhimu zaidi.

Umetaja misimu iliyopita, na bila shaka picha zake mlizipitia kwa macho. Basi mnazo picha ambazo jibu lake linajulikana. Toa picha zote za sange na za nunga zilizothibitishwa, zipitishe kwenye modeli, halafu uangalie ni ngapi zingetupwa kwenye 0.2, kwenye 0.1 na kwenye 0.05. Hapo utakuwa umepima mnyama wako, kwenye msitu wako, kwa kamera zako.

Cha pili ni sampuli. Changanya rundo la tupu, chukua picha 600 kwa bahati nasibu, zitazame polepole. Skripti fupi inatosha:

```
import json, random
d = json.load(open("matokeo.json"))
tupu = []
for p in d["images"]:
    if p.get("failure"):
        print("mbovu:", p["file"])
        continue
    juu = max([x["conf"] for x in p["detections"]], default=0)
    if juu < 0.2:
        tupu.append(p["file"])
sampuli = random.sample(tupu, 600)
```

Mistari ya `failure` usiiondoe. Kadi ikiharibika, faili isiyofunguka haina kisanduku chochote, na skripti ya haraka huihesabu kuwa picha tupu. Nimeona kadi nzima ya kamera moja ikiingizwa kwenye rundo la kutupwa kwa njia hiyo, na watu wakaandika kwamba eneo lile halina wanyama.

Mzee_wa_Dida

Wanangu, nawasoma kwa makini kwa sababu msitu huu tunaishi pembeni yake. Nina swali moja. Mmesema inatambua na mtu. Wake zetu wanaingia kuokota kuni kwa kibali. Picha zao zinakwenda wapi? Ziko kwenye diski ya nani?

msitu_wa_mrihi

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki. Kwetu picha zenye alama ya mtu zinahamishiwa folda yake kabla ya mtu yeyote kuanza kutazama za wanyama, na ni msimamizi peke yake mwenye ruhusa ya kuifungua.

zuhura_ikolojia

Shikamoo mzee, na yangu uipokee. Niongeze tu kwamba modeli hukosea hata kwa watu. Mtu aliyeinama na mzigo wa kuni kichwani anaweza kuandikwa mnyama, na nyani aliyesimama akaandikwa mtu. Kwa hiyo folda ya wanyama nayo itakuwa na watu wachache, na wanaoitazama waambiwe mapema la kufanya wakiwakuta. Kwa kazi yangu mimi nashusha kiwango cha mtu chini zaidi ya cha mnyama. Afadhali nyani afungiwe folda ya watu kuliko mama wa watu azungushwe kwenye laptopu za wanafunzi.

Mzee_wa_Dida

Marahaba. Nimesikia, lakini ruhusa ya msimamizi peke yake haijanitosha. Nitaliuliza kwenye kikao chetu cha kijiji.

shela_kasa

Assalaam alaikum. Mimi niko Lamu, tunalinda viota vya kasa ufukweni. Nimeona mnavyosifu modeli hii, nami nimeijaribu, lakini kwetu imeshindwa. Kamera yetu inapiga picha moja kila dakika tano usiku kucha, tukitaka kuona kasa anapopanda na nani anakuja kuchimba mayai. Nyegere na mbwa inawaona. Kasa mwenyewe mara nyingi haimwoni, na kenge pia. Nikishusha hadi 0.05 inachora visanduku kwenye kila rundo la mwani. Nifanye nini?

zuhura_ikolojia

Waalaikum salaam. Hukukosea mahali. Modeli hii imefundishwa zaidi kwa mamalia na ndege, na wanyama watambaao ni udhaifu wake unaojulikana. Kwa mpango wako wa saa, mimi nisingeitegemea kumpata kasa. Itumie kutoa nyegere na mbwa haraka, kisha picha zilizobaki zipitie kwa macho kwa kuzicheza mfululizo. Picha moja kila dakika tano, usiku mzima ni mia moja na arobaini hivi. Ufukwe hautikisiki kama msitu, na jicho linashika kitu kilichohama.

Ila jambo moja umefanya vizuri: kutumia saa badala ya kihisi. Joto la gamba la kasa halitofautiani sana na la mchanga, kihisi kingempita.

msitu_wa_mrihi

Narudi na majibu, samahani kwa kuchelewa. Kompyuta ilichukua karibu siku mbili kumaliza, na stima ilikatika katikati, kwa hiyo nashukuru kwa ile ya kuhifadhi ilipofika.

Kipimo cha kwanza: nilipata picha 212 za sange zilizothibitishwa misimu iliyopita. Kwenye 0.2 zingetupwa 31. Kwenye 0.1 zingetupwa 14. Kwenye 0.05 zingetupwa 6. Za nunga tunazo 9 tu, na zote zilipita kwenye 0.2.

Kipimo cha pili: katika sampuli ya 600 kutoka rundo la tupu nimekuta wanyama 4. Sange watatu na njiwa mmoja, wote mchana, na sange wote watatu kutoka kamera mbili zilizoelekea majani mengi makavu.

Nimesikitika kidogo. Picha 31 kwa 212 ni nyingi. Nishuke hadi 0.05 kwa kila kitu?

zuhura_ikolojia

Kazi nzuri sana. Usishuke bado. Umesema kila ufyatukaji ni picha tatu. Zile 31 zilizokosa, ndugu zake kwenye mkururo uleule zilipata alama gani? Sange anapita mbio. Picha ya kwanza ina mwili mzima, ya pili ina mgongo, ya tatu ina mkia au haina kitu. Ukihesabu picha mojamoja umekosa mbili, lakini ukihesabu ujio wa mnyama hukukosa kitu. Kanuni ninayotumia ni kwamba picha moja ya mkururo ikipita kizingiti, zote tatu zinabaki. Zipange kwa muda: zilizopishana kwa chini ya sekunde kumi kwenye kamera moja ni mkururo mmoja.

Hesabu tena kwa mkururo, kisha tuzungumze.

msitu_wa_mrihi

Nimehesabu. Picha zile 212 ni mikururo 94. Kwenye 0.2 inayopotea mizima ni 7. Kwenye 0.1 ni 2. Kwenye 0.05 ni 1, na hiyo moja nimeitazama: sange yuko nyuma ya shina na unachoona ni pua.

Kwa hiyo nimeweka 0.1 pamoja na kanuni ya mkururo. Rundo la tupu limeshuka kutoka 31,000 hadi 27,000 na kitu. Zinazobaki kutazamwa ni 13,000. Nimechukua sampuli mpya ya 600 na sijakuta mnyama hata mmoja.

kaskazi_data

Safi kabisa. Sampuli ina sifuri, basi rundo halina kitu. Sasa futa, msimamizi afurahi.

zuhura_ikolojia

Hapana ndugu yangu, subiri. Ukitazama 600 usione kitu, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba picha zenye mnyama hazizidi tatu kwa 600, yaani nusu ya asilimia. Nusu ya asilimia ya 27,000 ni picha 135. Huenda ni sifuri, huenda ni mia moja na thelathini, sampuli haiwezi kukutofautishia. Ukitaka kusema hazizidi moja kwa elfu, itakubidi utazame 3,000 zote ziwe tupu.

Kwa sange hasara hiyo naivumilia, mradi iandikwe kwenye ripoti, kwa sababu anaonekana mara nyingi na mikururo 92 kwa 94 ni kiwango kizuri. Kwa nunga sivumilii. Picha zako 9 kupita zote ni habari njema, lakini 9 ni chache mno, na huenda zinatoka siku mbili za mnyama mmoja. Mnyama anayeonekana mara mbili tatu kwa msimu, ukimtupa mara moja umebadilisha jibu la utafiti mzima.

Kwa hiyo usifute. Picha 27,000 za megabaiti mbilimbili ni gigabaiti 54. Hazijai hata kwenye kona ya diski ya terabaiti moja. Zihamishe, andika juu ya folda toleo la modeli na kizingiti ulichotumia, ziweke kabatini. Mwakani toleo jipya likija unazipitisha tena bila kurudi msituni.

shela_kasa

Nakubaliana na Bi Zuhura. Sange wa Boni na Dodori, huku kwetu, wanasayansi walimwona kwanza kwenye kamera za mtego, na habari ikatangazwa mwaka 2010. Kabla ya hapo hakuna mwanasayansi aliyekuwa amemwandika. Je, kama angekuwa kwenye folda iliyofutwa?

kaskazi_data

Hoja ya diski naikubali. Ila 13,000 bado ni nyingi. Huko kwetu tuliondoa visanduku vinavyojirudia: kisiki kilekile, mahali palepale, picha mia tano. Unavifuta vyote kwa mkupuo.

zuhura_ikolojia

Hapo umesema jambo la maana, na kwa rundo lake litapunguza nyingi. MegaDetector ina zana ya kazi hiyo: inatafuta visanduku vilivyokaa mahali palepale kwenye kamera moja, inakuonyesha mfano mmoja wa kila kimoja, wewe unaokoa vilivyo vya mnyama na vinavyobaki vinaondolewa. Asiruke hatua ya kutazama. Paa aliyelala saa nzima mbele ya kamera naye anajirudia mahali palepale.

msitu_wa_mrihi

Nimeifanya leo. Kamera moja peke yake ilikuwa na kisanduku kimoja juu ya mzizi kwenye picha zaidi ya elfu mbili. Zimebaki 9,400 za kutazama. Tumegawana watatu.

Msimamizi amekubali diski ya pili. Bado anauliza kama kwa zile kamera mbili za majani makavu tushuke hadi 0.05 na tuongeze picha kama 1,800 za kutazama, au tufyeke majani mbele ya kamera msimu ujao. Mimi naona tukifyeka, sange hatakuja tena pale, maana ndipo anapokula.

zuhura_ikolojia

Fyeka vijiti na nyasi zinazofikia urefu wa kamera, hizo ndizo zinazotikisika. Majani ya chini yaache. Na kama kamera inatazama mashariki au magharibi, igeuze itazame kaskazini au kusini, jua la asubuhi lisiingie moja kwa moja. Kuhusu 0.05 kwa zile mbili, mimi ningeongeza hizo 1,800. Lakini kuna wenzangu wangekwambia uhamishe kamera mita chache tu, na siwezi kusema wamekosea.

Katana_Mida

Samahani kurudi. Hilo la kugeuza kamera kaskazini au kusini linafaa hata kwa kamera ya shambani? Yangu inatazama mawio na asubuhi sioni kitu.

msitu_wa_mrihi

Linafaa kaka, igeuze.